Shangazi Ana Kidonda cha Homa Mdomoni: Kwa Nini Asimbusu Mtoto Mchanga

Wakazi wanaokwenda kumwona mtoto aliyezaliwa wanashauriwa wasimbusu iwapo wana malengelenge au kidonda mdomoni, hata kikiwa kidogo na hata kikiwa kimeanza kukauka. Kidonda hicho, ambacho wengi hukiita homa ya mdomo au husema ni malaria inayotoka, huletwa na kirusi kiitwacho hepesi. Kwa mtu mzima ni usumbufu wa wiki moja au mbili. Kwa mtoto wa siku chache, kirusi hicho hicho kinaweza kufika kwenye ini na ubongo.

Ni vyema kusema mapema kwamba ugonjwa huu kwa watoto wachanga ni nadra. Makadirio ya kimataifa ni takriban watoto 10 katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa. Tena wengi wao huambukizwa wakati wa kuzaliwa, kutoka kwenye njia ya uzazi ya mama, na ni karibu mmoja tu kati ya 10 anayeambukizwa baadaye na mtu aliyemgusa au kumbusu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kufunga mlango wageni wasiingie. Lakini ugonjwa wenyewe, ukitokea, ni mkali na huenda kwa kasi, na kuuzuia hakuhitaji pesa.

Homa haitoki kupitia mdomoni

Watu wengi hupata kirusi hiki wakiwa watoto, kwa mate ya wazazi, ndugu au wenzao wa kucheza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, yaani 64 kati ya kila 100, wanacho. Wengi wao hawajawahi kuona kidonda chochote, na hawajui kama wanacho. Kikishaingia mwilini hakitoki tena. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso na kulala huko kwa miezi au miaka.

Kinachokiamsha ni mwili kuchoka au kuugua: malaria, mafua, jua kali, hedhi, wasiwasi mwingi, kukosa usingizi. Ndiyo sababu mtu akiugua malaria huona malengelenge kwenye mdomo siku chache baadaye na kusema homa imetoka. Malaria yenyewe haitokei hapo. Imekiamsha tu kirusi kilichokuwa kimelala, na kirusi hicho kimeshuka hadi kwenye ngozi ya mdomo. Kosa la kuamini kwamba ni homa inayotoka ni kuwa kidonda huchukuliwa kama dalili ya kupona, kitu kisichoweza kumdhuru mtu mwingine, wakati ukweli ni kwamba siku hizo ndizo mate na majimaji ya kidonda yana virusi vingi zaidi.

Kidonda cha mdomoni si dalili ya uasherati, na kirusi chake si kile cha Ukimwi. Jambo hili linafaa kusemwa waziwazi kwa sababu aibu huwafanya watu wafiche mdomo kwa kiganja badala ya kusema. Ila kidonda kinachokaa zaidi ya mwezi bila kupona ni jambo tofauti. Mwenye kidonda cha namna hiyo anafaa kwenda kituo cha afya akapimwe, pamoja na kupimwa virusi vya Ukimwi, kwa kuwa kinga yake huenda imeshuka.

Kinga anayozaliwa nayo mtoto

Watoto wote wachanga hawako katika hatari sawa. Mama ambaye ameishi na kirusi hiki kwa miaka mingi ana askari wa mwili dhidi yake, na askari hao humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Mtoto wake huzaliwa akiwa na ulinzi fulani unaopungua kadiri miezi inavyopita. Si ulinzi kamili, lakini husaidia.

Mtoto wa mama ambaye hajawahi kupata kirusi hiki hana askari hao hata mmoja. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati naye anao wachache, kwa sababu aliondoka tumboni kabla hajapokea fungu lake. Hatari ni kubwa zaidi katika wiki 4 hadi 6 za kwanza, wakati mwili wa mtoto bado haujui kukizuia kirusi kisisambae. Kwa kuwa ni mama wachache wanaojua kama wana kirusi hiki au la, familia haiwezi kukisia ni mtoto yupi ana ulinzi. Busara ni kumchukulia kila mtoto mchanga kana kwamba hana.

Mgeni afikapo Jumamosi

Tuchukue mfano wa familia moja. Mama amejifungua Jumatatu na kuruhusiwa kwenda nyumbani Jumatano. Shangazi, dada yake baba, anapanga kuja kumsaidia kwa wiki mbili. Siku ya Ijumaa, akifunga mzigo, anahisi mwasho na kuchomachoma kwenye ukingo wa mdomo wa juu. Hakuna kinachoonekana. Jumamosi, akishuka kwenye matatu, malengelenge madogo yenye maji yamejitokeza hapo kwa kundi. Mtoto ana siku 5.

Ule mwasho wa Ijumaa ndio mwanzo wa hatari, kwa sababu kirusi tayari kimefika kwenye ngozi. Kufikia Jumatatu au Jumanne malengelenge yatapasuka na kuwa kidonda chenye majimaji, na hapo ndipo maambukizi ni rahisi kuliko wakati wowote mwingine. Kuanzia katikati ya wiki kitafanya gaga. Gaga likipasuka mtu anapocheka au kula, majimaji hutoka tena. Kwa wengi gaga huanguka siku ya 7 hadi ya 10, na kwa wengine huchukua hadi wiki mbili. Hesabu haifuati siku bali hali ya ngozi: shangazi atakuwa salama zaidi gaga litakapoanguka lenyewe na ngozi ya chini kuwa nzima. Dawa ya kupaka ya asiklovia inayouzwa kwenye duka la dawa inaweza kupunguza muda huo kidogo, lakini haimpi mtu ruhusa ya kumbusu mtoto. Dawa ya meno na chumvi ambazo watu hupaka hazisaidii kitu.

Je, shangazi arudi kwao? Hapana. Mama aliyetoka kujifungua anahitaji mtu wa kupika uji, kufua nepi na kuteka maji, na kazi hizo zote shangazi anaweza kuzifanya. Kwa wiki hiyo aachie wengine kumwogesha mtoto na kumlaza kifuani. Akilazimika kumshika, kwa mfano mama akienda kuoga na hakuna mtu mwingine nyumbani, anawe mikono kwa sabuni na maji kwa muda usiopungua sekunde 20, avae barakoa inayofunika kidonda vizuri, na asiuguse uso wa mtoto. Sabuni ya kawaida inatosha, kwa maana huyeyusha utando wa mafuta unaokizunguka kirusi hiki na kukiharibu. Kila anapogusa mdomo au kupaka dawa, anawe tena.

Kuna jambo moja la kuangaliwa ambalo hupita bila watu kuliona. Mwenye kidonda akijifuta mdomo kwa ncha ya leso, kisha akambeba mtoto kwa leso ile ile, hajambusu lakini amempelekea majimaji ya kidonda usoni. Leso ya kumbebea mtoto iwe ya mtoto, na taulo yake pia.

Mate nayo ni njia. Baadhi ya walezi humvuta mtoto kamasi kwa mdomo pua ikiziba, wengine humsafisha tongotongo kwa kidole kilicholowa mate, na katika baadhi ya jamii mzee humbariki mtoto kwa kumtemea mate kidogo. Mambo haya hufanywa kwa mapenzi. Lakini mtu anaweza kuwa na kirusi kwenye mate bila kidonda chochote, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa wiki hizo za kwanza, pua isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, na baraka itolewe kwa maneno na kwa mkono ulionawiwa.

Watoto wadogo wa nyumbani wasisahaulike. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anayepata kirusi hiki kwa mara ya kwanza anaweza kuwa na homa, ufizi uliovimba, vidonda ndani ya mdomo na udenda mwingi, na huyo humwaga virusi vingi kuliko mtu mzima mwenye kidonda kimoja. Ndiye pia anayependa kumbusu mdogo wake kila anapopita. Atenganishwe naye hadi apone, hata kama atalia.

Nani aseme

Mara nyingi kinachoponza familia ni heshima. Mke hawezi kumwambia mavyaa wake au wifi yake aondoe mdomo kwa mtoto, hasa mbele ya wageni. Kazi hiyo ni ya baba wa mtoto, kwa sababu ni jamaa zake, na kwa upande wa mama ni yake mwenyewe au dada yake. Katika mfano wetu, baba anaweza kumpokea mgeni pale kituo cha matatu na kumwambia kabla hawajafika nyumbani: "Dada, tumefurahi umekuja. Lakini hicho kidonda cha mdomo kinaweza kumdhuru mtoto. Hadi kipone, usimbusu. Kliniki wanakataza." Kuitaja kliniki humwondolea dada lawama, kwani haonekani kukataliwa na mke wa kaka yake. Na mgeni anayejua hali yake akitangulia kusema mwenyewe mlangoni, hakuna atakayeaibika.

Iwapo mtoto ameshabusiwa

Tuseme baba alichelewa, na shangazi alimbusu mtoto shavuni Jumamosi jioni kabla ya mtu kuona kidonda. Mtoto aoshwe uso taratibu kwa maji safi na sabuni laini. Huko si kumkinga kwa hakika, lakini hakuna ubaya. Siku na saa ya busu iandikwe kwenye kitabu cha kliniki. Kisha mama ampeleke mtoto kituo cha afya, au apige simu kwanza kama ana nambari, aeleze yaliyotokea bila kusubiri dalili. Hili ni muhimu zaidi iwapo mtoto alizaliwa kabla ya wakati au ana mchubuko kwenye ngozi, kwa kuwa kirusi hupenya kwa urahisi pale ngozi ilipochubuka, na pia kupitia macho na mdomo.

Mtoto akiwa mzima, mara nyingi familia itaambiwa imwangalie kwa makini. Watoto wengi waliobusiwa hivyo hawaugui. Kwa kawaida dalili hujitokeza siku 2 hadi 12 baada ya kuambukizwa, lakini zinaweza kuchelewa, kwa hiyo uangalizi uendelee hadi mtoto atimize wiki 6, siku anayopelekwa chanjo.

Dalili inayojulikana zaidi ni malengelenge madogo yenye maji, yaliyojikusanya pamoja juu ya ngozi nyekundu, hasa usoni, kichwani, machoni au mdomoni. Hayo ni tofauti na vipele vya joto vilivyotawanyika shingoni na mgongoni, na pia ni tofauti na kipele kimoja kinachotokea kwenye mkono wa kushoto mahali palipodungwa chanjo ya kifua kikuu wiki chache baada ya kuzaliwa. Kipele hicho cha chanjo ni cha kawaida na kiachwe kipone.

Hata hivyo, kusubiri malengelenge ni hatari. Takriban watoto 4 kati ya 10 wenye ugonjwa huu huwa hawana alama yoyote kwenye ngozi wanapoanza kuugua. Dalili zao ni zile zile za mtoto mchanga yeyote aliye mahututi: ananyonya kidogo au anakataa titi, analala mno na ni vigumu kumwamsha, analia bila kutulia, joto la mwili linafika nyuzi 37.5 au zaidi au linashuka chini ya 35.5, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anageuka manjano, au anapata degedege. Degedege la mtoto mchanga huenda lisiwe la kutikisika mwili mzima. Linaweza kuwa la kupepesa macho, kutafuna bila kitu mdomoni, au mkono mmoja kurukaruka.

Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye moja ya dalili hizi asipewe parasetamoli na kurudishwa kitandani, wala asinunuliwe dawa dukani. Apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Njiani awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, afunikwe, na anyonyeshwe akiweza.

Maneno ya kumwambia daktari

Mtoto mchanga mwenye homa anapofika zahanati, mhudumu hufikiria kwanza maambukizi ya bakteria, kwa sababu ndiyo yaliyo mengi. Atampa sindano ya viuavijasumu na kumpeleka hospitali kubwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini viuavijasumu haviui kirusi, na mhudumu hawezi kujua kwamba Jumamosi iliyopita kulikuwa na shangazi mwenye kidonda mdomoni. Habari hiyo iko kwa familia peke yake. Kwa hiyo isemwe pale mlangoni, na irudiwe kwa daktari wa hospitali ya rufaa, hata kama hakuuliza: "Mtu mwenye kidonda cha homa mdomoni alimbusu mtoto Jumamosi." Mama ambaye ana vidonda sehemu za siri, au aliwahi kuwa navyo, aseme hilo pia, kwa kuwa njia hiyo ndiyo inayoambukiza watoto wengi zaidi.

Maneno hayo hubadilisha matibabu. Daktari anaweza kuchukua majimaji ya malengelenge, damu na maji ya uti wa mgongo ili kirusi kitafutwe. Kutoa maji ya uti wa mgongo huwaogopesha wazazi wengi, na wengine hukataa wakiamini mtoto atapooza. Sindano huingizwa chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, na bila kipimo hicho ni vigumu kujua kama ubongo umeguswa. Matokeo yanaweza kuchukua siku kadhaa, na dawa haisubiri matokeo. Daktari akishuku ugonjwa huu huanza asiklovia mara moja, na kuiacha vipimo vikionyesha hakuna kirusi.

Dawa hiyo hutolewa kupitia mshipa, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, kila baada ya saa 8. Mtoto wa kilo 3 hupata miligramu 60 kila mara, mchana na usiku. Ugonjwa ukiwa kwenye ngozi, macho na mdomo pekee, huendelea siku 14. Ukiwa umefika kwenye ubongo au umesambaa mwilini, ni siku 21. Wakati huo hospitali hupima figo za mtoto na kuhakikisha anapata maji ya kutosha, kwa maana dawa hupitia huko. Baadaye hupewa dawa ya maji ya kunywa kwa miezi 6 nyumbani, kuzuia kirusi kisiamke tena. Dawa ya kupaka au vidonge vya dukani haviwezi kuchukua nafasi ya sindano hizi.

Tofauti inayoletwa na kuwahi ni kubwa. Ugonjwa ukiwa umesambaa mwilini na mtoto asitibiwe, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 hufa. Wakitibiwa, wanaokufa ni karibu 3 kati ya 10. Ukigunduliwa ukiwa bado kwenye ngozi tu, karibu wote hupona.

Mama mwenye kidonda anyonyeshe

Mara nyingine mwenye kidonda cha mdomoni si mgeni bali ni mama mwenyewe, maana uchovu wa kujifungua ni mojawapo ya mambo yanayokiamsha kirusi. Mama huyo asiache kunyonyesha, wala asihamie maziwa ya kopo. Kirusi hiki hakipitii kwenye maziwa. Anawe mikono kabla ya kumshika mtoto, avae barakoa anaponyonyesha na kumbembeleza, asimbusu, na abadilishe barakoa inapolowa.

Hali ni tofauti malengelenge yakiwa kwenye titi. Titi hilo mtoto asilinyonye hadi lipone, na kidonda kifunikwe ili mtoto asikiguse. Aendelee na titi la pili lisilo na kidonda. Lile lenye kidonda likamuliwe kila mtoto anaponyonya, ili maziwa yasikauke, na maziwa yaliyogusa kidonda au vyombo vilivyogusa kidonda yamwagwe. Mama aende kliniki siku hiyo hiyo akiwa na mtoto, kwa sababu huenda mtoto ndiye aliyekitoa kirusi mdomoni mwake akakiweka kwenye titi, na hapo wote wawili wanahitaji kuangaliwa na daktari.